Wakuu, parabola ya kwenye hii picha mizizi yake ni ipi, kipeo kiko wapi, na inafungukia juu au chini? Nyumbani hatuelewani

#1 Baba Kija wa Nyasaka
Habari za jioni wakuu. Binti yangu yuko kidato cha tatu, jana kaniletea swali la grafu nikajifanya najua, sasa nimekwama mbele yake. Nimepiga picha ukurasa na kuibandika hapo chini. Kitabu ni cha fotokopi, namba za pembeni nyingi zimefifia, mnisamehe.

Swali linataka vitu vinne: taja mizizi, taja kipeo, sema inafungukia wapi, andika mlinganyo. Kuna kipengele cha mwisho kinauliza x iwe kati ya ngapi na ngapi ili y izidi namba fulani, na hiyo namba ndiyo imefutika. Karatasi ya majibu nyuma imechanika, kilichobaki kinachosomeka ni 0 < x < 2 tu.

Binti anasema mizizi ni -1 na 3, kwa hiyo mlinganyo ni y = (x + 1)(x - 3). Nikamwambia haya, tujaribu. Nikaweka x = 1, nikapata 2 mara -2, yaani -4. Lakini kwenye picha pale x ikiwa 1 mchoro uko juu kabisa, hauko chini. Amekasirika ameenda kulala. Nani kakosea?

#2 Kasi ya Kamanga
Mkuu hii rahisi. Inafungukia juu, iko kama bakuli linalosubiri uji. Mizizi ni -3 na 1. Kipeo kiko kwenye x = -1, chini. Binti kageuza alama tu, mwambie arudie.

#3 Fundi Dishi Buzuruga
Kaka, kuhusu parabola inafungukia wapi, inategemea setelaiti unayotaka. Ni dishi la futi sita au lile dogo? Nitumie ujumbe, huku Nyasaka nafika kesho asubuhi.

#4 Baba Kija wa Nyasaka
Fundi hahaha, ni la kwenye kitabu. Bei yake sijui.

Kasi, mbona majibu yako hayafanani kabisa na ya binti? Yeye kaona mlima, wewe umeona bakuli. Mnaangalia picha moja?

#5 Jiwe la Bismarki
Kasi yupo sahihi kwa jinsi picha ilivyo hapa kwenye uzi. Hata mimi naona bakuli.

#6 Mwalimu wa Mkolani
Geuzeni simu zenu juu chini halafu mwangalie tena.

Picha imeingia imepinduka. Hutokea sana ukipiga picha ya kitabu kilicholala mezani, kwa sababu simu ikiwa imelala inashindwa kujua juu ni wapi. Dalili ziko tatu hata kabla ya kusoma namba yoyote. Kwanza, herufi x iko mwisho wa mstari wa kulala upande wa kushoto, na mshale wake unaelekea kushoto. Hakuna kitabu kinachochora hivyo. Pili, y imekaa chini. Tatu, zile namba chache zilizobaki zimesimama kwa kichwa.

Kibaya cha picha iliyopinduka nusu duara ni kwamba haikupi jibu la ovyo ovyo ukashtuka. Inakupa jibu lililokamilika, lenye kujitosheleza, la parabola nyingine. Mlima unakuwa bakuli, 3 inakuwa -3, -1 inakuwa 1, na kipeo kilichokuwa juu kulia kinakuwa chini kushoto. Kasi amehakiki jibu lake na limekubali: katikati ya -3 na 1 ni -1, na kipeo kweli kiko hapo. Hajakosea hesabu, amesoma picha ya grafu ambayo haipo kwenye kitabu.

#7 Kasi ya Kamanga
Daah. Nimegeuza simu. Naomba post yangu izikwe kimyakimya.

#8 Jiwe la Bismarki
Haizikwi, imeshapigwa picha (nayo imepinduka).

Turudi kwenye mada. Baba Kija, ukishaiweka sawa ni mlima, inafungukia chini. Binti alipata mizizi sawa, -1 na 3. Kilichomponza ni kwamba (x + 1)(x - 3) ukizidisha unapata x² - 2x - 3, na mbele ya x² kuna namba chanya, hiyo ni bakuli. Dawa yake ni kuzidisha yote kwa -1. Inakuwa y = -x² + 2x + 3. Weka x = 1 unapata 4. Kipeo (1, 4). Imeisha hiyo, tulale.

#9 Baba Kija wa Nyasaka
Nimeijaribu. x = 1 inatoa 4, na kwenye picha kweli mlima una viboksi vinne kwenda juu. x = 0 inatoa 3, na mchoro unakata mstari wa kusimama kwenye kiboksi cha tatu. Mkuu umetisha. Asubuhi nitamuomba binti msamaha.

#10 Mwalimu wa Mkolani
Usiombe msamaha bado. Bismarki amehesabu viboksi, hajasoma namba. Ule mstari wa kusimama, kila kiboksi ni ngapi?

#11 Jiwe la Bismarki
Mwalimu, kiboksi ni kimoja. Kwenye mstari wa kulala kila kiboksi ni 1, kwa nini wa kusimama uwe tofauti?

#12 Mwalimu wa Mkolani
Kwa sababu mchoraji anataka grafu itoshe kwenye karatasi. Wanafunzi wanafundishwa hivyo hivyo: sentimita moja kwa kipimo kimoja huku, sentimita moja kwa vipimo viwili kule. Si lazima pande mbili zilingane, na kwa grafu za x² mara nyingi hazilingani, maana y inakimbia kuliko x.

Baba Kija, ikuze picha karibu na mstari wa kusimama. Mimi naona kama 8 hivi kwenye kiboksi cha nne, lakini inaweza kuwa uchafu wa mashine ya fotokopi.

#13 Baba Kija wa Nyasaka
Nimekwenda kwenye kitabu chenyewe na tochi ya simu. Kuna 2, 4, 6, 8 kweli. Ila mwalimu, hizo zimeandikwa kwa kalamu ya bluu. Za kitabu zenyewe hazionekani. Kitabu tulikinunua mkononi, nadhani aliyekuwa nacho kabla ndiye aliyeziandika.

#14 Jiwe la Bismarki
Aaah! Sasa tunaamini kalamu ya bluu ya mtu tusiyemjua? Huyo naye huenda alifeli.

#15 Mama Sado Kirumba
Jamani mimi sijui grafu ila naomba kuuliza. Hiyo mizizi mnayosema ndiyo ile ya kipeuo cha pili, kama mzizi wa 9 ni 3? Maana nimeona 3 nikadhani mmetafuta mzizi wa 9.

#16 Kasi ya Kamanga
Mama, mizizi hapa ni pale mchoro unapokanyaga mstari wa kulala. Yaani x ipi ukiiweka, y inakuwa sifuri. Nimejifunza leo kwa aibu.

#17 Chaki ya Nyegezi
Kuna tatizo la lugha pia. Mnasema "kipeo" wakati kipeo cha pili ni ile x² yenyewe. Mtoto atachanganyikiwa. Mimi naona iitwe kilele.

#18 Jiwe la Bismarki
Kilele? Na ile inayofungukia juu, kilele chake kitakuwa chini kabisa kama chura kwenye kisima? Bora kipeo.

#19 Chaki ya Nyegezi
Basi ncha.

#20 Fundi Dishi Buzuruga
Sisi tunaita kitako. Dishi ukilikalisha chini, maji yanakokusanyika ndiyo kitako chake.

#21 Mwalimu wa Mkolani
Kitako, kilele, ncha, vyovyote, ilimradi mtu ajue ni mahali mchoro unapogeuka. Kwenye mtihani atajibu kwa Kiingereza hata hivyo.

Nirudi kwa Baba Kija, maana kuna jambo Bismarki amelipita haraka, nalo ndilo lililomkwamisha binti tangu mwanzo. Mizizi miwili haitoshi kukupa mlinganyo. Fikiria turubai la kuanikia dagaa limefungwa kwenye vigingi viwili, kimoja kwenye -1 kingine kwenye 3. Unaweza kulinyanyua katikati kidogo, ukalinyanyua sana, au ukaliacha libonyee chini. Vigingi havijasogea hata kidogo. Kuna parabola zisizo na idadi zinazopita kwenye mizizi hiyo miwili. Kwa hiyo anayeona mizizi anatakiwa aandike

y = a(x + 1)(x - 3)

na hiyo a asiijaze kwa kukisia. Binti alijaza 1 bila kujua kwamba amejaza. Bismarki alijaza -1 kwa sababu aliona mlima. Wote wawili walikisia, mmoja kakisia kwa adabu zaidi.

a inatafutwa kwa nukta ya tatu, yoyote inayosomeka vizuri isiyokuwa mzizi. Tuchukue kipeo. Pale x ni 1, kwa hiyo mabano yanatoa 2 mara -2, ambayo ni -4. Kwa hiyo urefu wa mlima ni a mara -4. Kama urefu ni 8, a ni -2, na mlinganyo ni y = -2x² + 4x + 6. Kama urefu ni 4, a ni -1, tunarudi kwa Bismarki.

#22 Jiwe la Bismarki
Ila mwalimu, mimi nilihakiki kwa nukta mbili. Kipeo kilikubali, na pale inapokata mstari wa kusimama kilikubali, viboksi vitatu. Ingekuwa nimekosea, moja lingegoma.

#23 Mwalimu wa Mkolani
Lisingegoma. Hata ya kwangu inakubali: x = 0 inatoa 6, na viboksi vitatu vya mbili mbili ni 6. Ukikosea kipimo cha mstari wa kusimama, urefu wote unakosewa kwa uwiano uleule, kwa hiyo nukta zote zinaendelea kupatana. Ni kama mizani ya samaki iliyochezewa: kilo zote zinadanganya kwa pamoja, hakuna samaki atakayemsaliti mwenzake.

#24 Mama Sado Kirumba
Hiyo ya mizani naijua sana, nisiseme.

Lakini hii ya mlima imenigusa. Mimi nauza dagaa kwa sado. Mwaka fulani mtaji ulikuwa 6,000 kwa sado. Nilikuwa na daftari. Nikiuza 8,000 zinaondoka sado 40, faida 80,000. Nikapandisha hadi 10,000, zikaondoka 20 tu, faida 80,000 ileile. Nikashangaa, nikasema huku napumzika zaidi, kule nachoka, hela moja. Shemeji yangu akaniambia weka 9,000. Zikaondoka 30, faida 90,000. Hiyo ndiyo parabola?

#25 Mwalimu wa Mkolani
Mama, ndiyo hiyo hiyo, na shemeji yako ana akili. Mizizi yake ni bei mbili ambazo faida ni sifuri. Moja ni 6,000, unauza kwa mtaji. Nyingine, kwa namba zako, kila ukiongeza 1,000 unapoteza sado 10, kwa hiyo kwenye 12,000 hakuna anayenunua. Katikati ya 6,000 na 12,000 ni 9,000.

Lakini kizuri zaidi ni kwamba wewe hukuhitaji kuijua hata hiyo mizizi. Ulikuwa na nukta mbili zenye urefu sawa, 8,000 na 10,000, zote faida 80,000. Kipeo lazima kiwe katikati yake. Hii inasaidia sana picha ikiwa imekatwa na mizizi haionekani: tafuta mahali pawili mchoro ulipo kwenye urefu mmoja, gawanya katikati.

#26 Kasi ya Kamanga
Kwa hiyo Mama Sado amewashinda kidato cha tatu kwa daftari la dagaa.

#27 Chaki ya Nyegezi
Tusidanganyane, wateja hawapungui kumi kumi kwa mstari ulionyooka. Siku ya mvua wanapungua wote.

#28 Mama Sado Kirumba
Siku ya mvua dagaa haziuzwi, zinaoza. Usinifundishe kazi mdogo wangu.

#29 Mpita Busisi
Mfano mzuri wa parabola kwa watoto wa huku ni nyaya za daraja jipya la Kigongo-Busisi. Mpeleke binti akaone, zinafungukia juu kabisa.

#30 Chaki ya Nyegezi
Hapana kaka. Nimepita pale, nyaya zimenyooka kutoka kwenye nguzo hadi kwenye barabara, kila mmoja peke yake, kama kamba za hema. Parabola ungeiona kwenye daraja la aina nyingine, lile ambalo waya mmoja mkubwa unaning'inia kati ya nguzo mbili na barabara imetundikwa kwenye waya huo.

#31 Mpita Busisi
Sawa, nyaya za umeme basi. Zinalegea kati ya nguzo na nguzo.

#32 Mwalimu wa Mkolani
Hizo zinafanana na parabola lakini siyo. Waya unaoning'inia kwa uzito wake mwenyewe una umbo lake jingine. Ukilegea kidogo tu huwezi kuona tofauti kwa macho. Parabola inatokea pale mzigo unapogawanyika sawa kwa urefu wa barabara iliyo chini, si kwa urefu wa waya.

#33 Fundi Dishi Buzuruga
Sasa nimeelewa uzi unahusu nini, naomba nichangie, maana dishi ni parabola ya kweli na mimi natumia hiyo a yenu bila kuijua jina.

Dishi la futi sita tunalolifunga ukilipima upana ni kama sentimita 180. Unalaza fito juu ya midomo yake, unapima kutoka kwenye fito hadi kitakoni. Tuseme umepata 30. Sasa kile kichwa kinachopokea mawimbi kinakaa umbali gani kutoka kitakoni? Mzee aliyenifundisha alinipa kanuni: upana mara upana, gawa kwa kina mara 16. Yaani 32,400 gawa kwa 480, unapata 67.5. Ukikiweka 60 au 75 unapata mawimbi dhaifu, mvua ikipiga tu picha zinakatika. Hii ni kwa yale ya duara yenye kichwa katikati. Yale madogo yenye kichwa pembeni yana hesabu zake.

#34 Mwalimu wa Mkolani
Fundi, safi kabisa, na inaingia kwenye mada. Weka kitako kwenye sifuri. Ukienda sentimita 90 pembeni unapanda 30. Kwa hiyo a ni 30 gawa kwa 8,100, sawa na 1 gawa kwa 270. Umbali wa kichwa ni 1 gawa kwa a mara nne, yaani 270 gawa kwa 4, ambayo ni hiyo 67.5 yako. Dishi likiwa la kina kifupi a inakuwa ndogo na kichwa kinakwenda mbali.

Na hapo utaona kwa nini nasumbua na kipimo. Fundi anapima pande zote mbili kwa sentimita zilezile. Angepima upana kwa sentimita na kina kwa inchi bila kugeuza, umbo la dishi lingebaki lilelile lakini hesabu yake ingepotea.

#35 Baba Kija wa Nyasaka
Nimerudi. Binti kaamka, kasoma uzi wote, kacheka sana hapo kwa Kasi. Anauliza kitu: yeye jana alijaribu pia kupima kwa rula juu ya kioo cha simu, akapata mizizi -1.2 na 2.7. Akaiacha kwa sababu hazikuwa namba nzima. Kwa nini zilitofautiana?

#36 Kasi ya Kamanga
Kwa sababu mizizi inaweza kuwa ya desimali. Si lazima iwe namba nzima. Huenda yeye ndiye sahihi.

#37 Mwalimu wa Mkolani
Kasi, ulichosema ni kweli kwa ujumla, mizizi mingi si namba nzima. Lakini hapa sio. Chukua -1.2 na 2.7, tafuta katikati: jumla ni 1.5, nusu yake 0.75. Kilele cha mlima kwenye picha hiyohiyo kiko kwenye mstari wa 1. Parabola haiwezi kuwa na kipeo nje ya katikati ya mizizi yake, kwa hiyo kuna kipimo kilichokosewa.

Kosa ni kwamba picha imepigwa kwa upande. Angalieni viboksi: vya kushoto ni vikubwa kuliko vya kulia, kwa sababu upande wa kushoto wa kitabu ulikuwa karibu na simu. Pia ukurasa umejikunja kuelekea kwenye mshono. Rula inapima kioo, haijui hayo. Viboksi vyenyewe vimepindika pamoja na mchoro, kwa hiyo ukihesabu viboksi unabaki salama. Kushoto mchoro unakata kwenye mstari wa kwanza baada ya sifuri, kulia unakata kwenye mstari wa tatu. Hapo -1 na 3 hazina ubishi.

#38 Baba Kija wa Nyasaka
Anasema asante. Sasa turudi kwenye ubishi wa kalamu ya bluu. Nimwandikishe -1 au -2?

#39 Jiwe la Bismarki
-1. Nina ushahidi. Jibu lililobaki nyuma ya kitabu ni 0 < x < 2. Kwa mlinganyo wangu, y inazidi 3 pale x iko kati ya 0 na 2. Inakaa sawasawa.

#40 Chaki ya Nyegezi
Na kwa mlinganyo wa mwalimu, y inazidi 6 pale x iko kati ya 0 na 2. Inakaa sawasawa pia. Namba iliyofutika ndiyo ingeamua. Baba Kija, hiyo namba haina hata mkia?

#41 Baba Kija wa Nyasaka
Ina tumbo la chini limezunguka. Inaweza kuwa 3, inaweza kuwa 6. Mke wangu anasema ni 5.

#42 Jiwe la Bismarki
Shemeji anakataa kote kote.

#43 Chaki ya Nyegezi
5 haiwezekani. Kwa Bismarki y haivuki 4, kwa hiyo jibu lingekuwa hakuna x. Kwa mwalimu, -2x² + 4x + 6 ikilingana na 5 unapata desimali mbaya, haitoki 0 na 2.

#44 Mwalimu wa Mkolani
Hoja nzuri. Na mimi naegemea 6, kwa sababu mtu aliyeandika 2, 4, 6, 8 kwa kalamu inaelekea aliziandika zilipokuwa zinaanza kufifia, akiwa bado anaziona. Mtu hatoi mbili mbili kichwani wakati mstari wa kulala una moja moja. Lakini sina uthibitisho, na Bismarki anayo haki ya kukataa.

Kwa hiyo binti aandike hivi. Mizizi -1 na 3. Inafungukia chini. Kipeo kiko kwenye x = 1. Haya matatu hayategemei kalamu ya mtu. Kisha aseme: kila kiboksi cha kusimama kikiwa na vipimo m, kipeo kina urefu wa 4m, na kwa kuwa 4m ni sawa na a mara -4, basi a ni -m. Moja kwa kiboksi, a ni -1. Mbili kwa kiboksi, a ni -2. Tano kwa kiboksi, a ni -5. Mwalimu wake akitaja kipimo, jibu linakamilika palepale.

#45 Jiwe la Bismarki
Hii ya a ni -m sikuwahi kuiona. Bado nasema m ni 1.

#46 Mama Sado Kirumba
Si aazime tu kitabu cha mwenzake?

#47 Baba Kija wa Nyasaka
Wakuu, nimefanya kama Mama Sado alivyosema. Binti kaenda kwa rafiki yake hapo Kiloleli, karudi na picha ya ukurasa huohuo. Safari hii kaipiga ikiwa imesimama vizuri.

Na yenyewe ni fotokopi. Imedurufiwa kutoka kwenye kitabu chetu. Ile 2, 4, 6, 8 ipo, ila sasa ni nyeusi.

#48 Jiwe la Bismarki
Mwaka kesho wataiita namba ya kitabu.